Barua ya wazi kwa Mkurugenzi na Mganga Mkuu wa Wilaya: ufunguo, mtungi wa gesi na dawa ya kuzuia damu

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya, na waheshimiwa madiwani wa Kamati ya Elimu, Afya na Maji,

Nawasalimu kwa heshima.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikwenda kwenye zahanati moja ya pembezoni mwa wilaya yetu kwa ziara ya usimamizi shirikishi, nikiwa pamoja na mratibu wa chanjo na mfamasia wa wilaya. Ripoti ya ziara ile iko mezani kwenu tangu Ijumaa, na nakala yake imebaki zahanati ndani ya kitabu cha usimamizi. Naandika tena, safari hii hadharani, kwa sababu nilipofunua kitabu hicho nilikuta jambo moja limeandikwa mara tatu kabla ya siku ile, kwa miandiko mitatu, na mmoja kati ya hiyo ni mwandiko wangu: "Mtungi wa gesi wa akiba upatikane." Mara zote tatu kwenye safu ya mhusika pameandikwa "Halmashauri". Mara zote tatu safu ya utekelezaji iko tupu.

Jina la zahanati silitaji, wala la mtumishi yeyote, wala la mama ambaye habari yake nitaieleza hapa chini kwa ruhusa yake. Deni ninaloliandikia barua hii ni letu sisi wa makao makuu.

Zahanati ina watumishi watatu: tabibu ambaye ndiye mganga mfawidhi, muuguzi mkunga mmoja, na mhudumu wa afya anayeshika pia kazi ya chanjo. Wanajifungua pale akina mama ishirini hivi kwa mwezi, wengi wao usiku. Umeme wa gridi haujafika. Kuna paneli mbili za sola zinazowasha taa, na jokofu la chanjo linaendeshwa kwa gesi.

Nianze na mazuri, kwa sababu ni mengi na yametoka kwa watu wenyewe. Chumba cha kujifungulia kilikuwa safi kabla hatujatarajiwa. Tulifika saa 2 asubuhi bila kupiga simu, na ndoo za kutakasia vifaa zilikuwa zimeshachanganywa dawa ya siku hiyo, na muda wa kuchanganya umeandikwa kwa chaki pembeni. Mfuko na barakoa ya kumsaidia mtoto kupumua vilikuwa juu ya meza ya mtoto, vimeunganishwa tayari, saizi mbili za barakoa. Nilimwomba mkunga anionyeshe kama vinafanya kazi. Akaibana barakoa kwenye kiganja, akaminya mfuko mpaka vali ikafunguka kwa sauti, akauachia tuone kama unajaa upesi. Hakusita hata sekunde moja. Akaniambia kila Jumatatu asubuhi yeye na mhudumu wanafanya mazoezi kwa mdoli wa kitambaa alioushona mwenyewe, maana mtoto asiyelia ana dakika moja tu ya kuanza kusaidiwa, na usiku msaidizi wake ni huyo huyo mhudumu.

Kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za afya, yaani kile cha wodi ya wazazi, kimejazwa kwa uaminifu ambao siuoni mara nyingi. Saa ya mtoto kuzaliwa na saa ya mama kuchomwa sindano ya oksitosini ya kuzuia damu zimeandikwa kwa dakika, na zinatofautiana kwa dakika moja, pengine mbili, na mahali pengine tano. Hizo tano ndizo zilizonifanya niamini zile moja. Mahali ambapo kila mama amechomwa dakika ile ile moja kwa miezi sita, najua nasoma kitabu kilichojazwa asubuhi. Patografu, zile chati za kufuatilia uchungu, vilevile: nilivuta kumi bila kuchagua, na saba alama zake zilikuwa na kalamu tofauti na saa zenye dakika zake, si saa kamili tu, yaani zimechorwa wakati uchungu unaendelea. Tatu zilichorwa baada ya mtoto kuzaliwa, na mkunga aliniambia mwenyewe kabla sijauliza: usiku ule alikuwa na akina mama wawili wenye uchungu kwa pamoja.

Kamati ya kituo nayo inastahili kuandikwa. Wamejenga kichomea taka kwa nguvu zao, wamenunua mapazia, na tenki la maji ya mvua wamelifunga bomba jipya.

Sasa nije kwenye kitoroli cha dawa ndani ya chumba cha kujifungulia, maana hapo ndipo ziara yetu ilipokaa kwa saa nzima.

Kwenye droo ya juu kulikuwa na boksi la ampuli za oksitosini, zimebaki kumi na nne. Mfamasia alimuuliza mkunga zimekaa hapo tangu lini. Tangu zilipoletwa, wiki ya saba sasa. Akatuonyesha boksi lenyewe: mtengenezaji ameandika dawa itunzwe chini ya nyuzi 25. Kwa hiyo mkunga hakuwa mzembe. Alisoma lebo, akaiweka dawa kivulini, ndani ya droo, mbali na dirisha. Tulichofanya ni kuweka kipimajoto juu ya kitoroli kile na kukiacha tukiendelea na kazi nyingine. Saa 9 alasiri kilisoma nyuzi 31. Paa ni la bati, dari hakuna, na miezi yetu ya joto ndiyo kwanza inaanza.

Naomba niwaeleze madiwani, ambao si watu wa fani yetu, kwa nini jambo hili ni zito. Oksitosini ndiyo dawa inayoufanya mfuko wa uzazi ujikaze baada ya mtoto kutoka, na kujikaza huko ndiko kunakoibana mishipa ya damu pale kondo la nyuma lilipokuwa limeshika. Mama anachomwa yuniti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika moja baada ya kujifungua. Mfuko usipojikaza, damu inatoka kama bomba lisilofungwa. Dawa hii inaharibiwa na joto, na inaharibika kimyakimya: haibadiliki rangi, haifanyi mashapo, haitoi harufu. Ampuli iliyochoka na ampuli nzima huwezi kuzitofautisha kwa macho. Chupa nyingi za chanjo tunazotumia zina alama ya mraba ndani ya duara inayogeuka rangi zikipigwa na joto, hivyo muuguzi akiitazama anajua aitumie au aitupe. Oksitosini haina alama ya namna hiyo. Njia pekee ya kujua ikiwa kwenye zahanati ni kumchoma mama na kusubiri.

Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya idadi ya watu, yalitoa tamko la pamoja kwamba oksitosini ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 safari nzima mpaka kwa mtumiaji, hata kama lebo ya mtengenezaji inaruhusu zaidi, na kwamba pale ambapo jokofu lililopo ni la chanjo, ikae humo humo. Zipo dawa nyingine. Kabetosini isiyoathiriwa na joto ilipendekezwa na shirika hilo mwaka 2018, lakini mapendekezo yale ni ya kuzuia damu, si ya kuitibu ikishaanza kutoka, na zahanati zetu hazina. Tunayo oksitosini, na ndiyo tunayopaswa kuilinda.

Mama niliyemtaja hapo juu alijifungua mwezi Septemba, mtoto wake wa nne. Habari hii nimeichukua kwenye kitabu namba 12, kwenye faili lake, na kwake mwenyewe, maana nilimfuata nyumbani siku ile ya ziara. Mtoto alizaliwa saa 8:40 usiku. Saa 8:41 mkunga alimchoma yuniti 10 za oksitosini pajani. Kondo lilitoka saa 8:50, zima. Saa 9:05 mkunga akaona kitenge cha pili kimelowa. Alipogusa tumbo, mfuko wa uzazi ulikuwa laini kama unga wa maandazi. Akaukanda kwa mkono, akatoa mkojo kwa mpira, akachoma ampuli ya pili, akatundika dripu na kutia humo ampuli mbili zaidi. Akakagua kama kuna mchaniko: hakuna. Mhudumu alishapiga 115, namba ya m-mama ya kuita usafiri wa dharura wa akina mama, saa 9:10. Saa 9:25 mfuko ulikuwa bado laini na damu inaendelea.

Hapo mkunga akatoa vidonge vya misoprostoli, navyo vya kukaza mfuko wa uzazi, vinne vya maikrogramu 200, akamwekea chini ya ulimi, akaendelea kukanda. Kuelekea saa 10 kasoro dakika kumi mfuko ukaanza kukaza. Gari lilifika saa 10:35. Hospitali mama aliongezewa chupa mbili za damu, na siku ya tano akarudi nyumbani. Nilimkuta ananyonyesha. Aliniambia kitu anachokikumbuka ni baridi, na sauti ya mkunga ikimwita jina lake bila kuacha.

Siwezi kuapa kwamba dawa ndiyo iliyoshindwa usiku ule. Mfuko wa uzazi una sababu nyingi za kulegea, na mama mwenye watoto kadhaa anajulikana kuwa kwenye hatari iliyozidi kidogo. Inawezekana pia kwamba dripu na vidonge vilifanya kazi pamoja. Lakini ampuli nne za dawa iliyokaa kwenye droo lile hazikuukaza mfuko kwa dakika zaidi ya arobaini, na kilichofuatwa na mabadiliko ni kidonge ambacho hakihitaji jokofu, kinachohitaji tu kubaki ndani ya karatasi yake kavu mpaka kitumike. Nikarudi kwenye kitabu. Katika miezi mitatu ya karibuni kuna akina mama wengine wanne ambao mkunga aliwachoma ampuli ya pili. Wanne ni wachache mno kuthibitisha chochote. Ila kwa muuguzi, akina mama wanne waliohitaji sindano ya pili mahali ambapo dawa inakaa kwenye nyuzi 31 wanatosha kumfanya asilale.

Kulikuwa na kizuizi kingine cha kuujua ukweli. Kwenye safu ya damu iliyopotea, kila mama ameandikiwa "kawaida" au "nyingi". Kipimo hakipo. Damu zaidi ya mililita 500 ndiyo tunayoiita ya hatari baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, lakini jicho la mwanadamu hupunguza, hasa damu ikiwa imenyonywa na kitenge usiku kwenye mwanga hafifu. Utafiti uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Naijeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ukachapishwa mwaka 2023, ulitumia karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, inayowekwa chini ya mama, pamoja na kutoa matibabu yote kwa mkupuo mara damu inapovuka alama. Matokeo mabaya yalipungua kwa asilimia 60. Zile zilikuwa hospitali, si zahanati ya mkunga mmoja, lakini karatasi yenyewe haijui tofauti hiyo. Tukikosa karatasi, beseni na jagi lenye vipimo vinasaidia kuliko jicho. Tumekubaliana mkunga aanze na jagi.

Swali la kawaida sasa ni hili: kama jokofu lipo mlango wa tatu kutoka chumba cha kujifungulia, kwa nini oksitosini haikai humo? Nilimuuliza mkunga. Jibu lake lilikuwa na sehemu mbili.

Ya kwanza, aliambiwa kwenye mafunzo ya zamani kwamba jokofu la chanjo halichanganywi na kitu kingine. Na kweli tulifundisha hivyo. Sababu ilikuwepo: watu walikuwa wanaweka soda na maziwa, mlango unafunguliwa mara thelathini kwa siku, chanjo zinapata joto. Mratibu wa chanjo alilikubali jambo hili papo hapo na kufuta katazo kwa oksitosini, kwa sharti kwamba ikae kwenye bakuli lake lenye mfuniko na lebo, rafu ya juu, mbali na chanjo na mbali na ukuta unaoganda. Boksi lenyewe ni dogo, halimnyang'anyi mtu nafasi. Asubuhi mkunga atatoa ampuli tatu za siku hiyo, ataziweka kwenye kibebeo cha chanjo chenye pakiti za barafu zilizoanza kuyeyuka, na kitakaa pale kwenye kitoroli. Pakiti iliyotoka kuganda haifai, kwa sababu oksitosini haitakiwi kuganda pia.

Sehemu ya pili ya jibu lake ilinyamazisha chumba. Chumba cha chanjo kinafungwa saa 9:30 alasiri. Ufunguo ni mmoja, na unalala nyumbani kwa mhudumu, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu. Hata dawa ingekuwa ndani ya jokofu, usiku wa Septemba mkunga asingeifikia. Ndugu zangu, tulikuwa tumeandika kurasa na kurasa za ripoti kuhusu zahanati hii miaka yote na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza ufunguo unalala wapi. Mwenyekiti wa kamati ya kituo alitoa mfukoni mwake pesa ya kuchonga ufunguo wa pili, na jioni ya siku ile ulikuwa umeshaning'inizwa kwenye chumba cha kujifungulia. Hilo limekwisha.

Lisilokwisha ni jokofu lenyewe.

Kwenye mlango wa jokofu kuna karatasi ya joto inayojazwa asubuhi na jioni. Mwezi mzima inasoma 5, 5, 4, 5, 5, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Ndani ya jokofu kuna kifaa kidogo cha kielektroniki ambacho hakuna anayekijaza. Chenyewe hupima joto mchana na usiku na kuweka kumbukumbu ya siku 30 zilizopita. Kikiona joto limevuka nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au limeshuka hadi nyuzi nusu chini ya sifuri kwa saa nzima, kinaweka alama ya msalaba. Mratibu wa chanjo alibonyeza kitufe akarudi nyuma siku moja moja. Jumapili ya katikati ya mwezi: msalaba. Joto la juu nyuzi 17. Saa 19 nje ya kiwango. Kwenye karatasi ya mlangoni, Jumapili ile ile imeandikwa 5 asubuhi na 5 jioni.

Mhudumu aliinamisha kichwa. Nilimwomba akae, kisha tuzungumze bila kalamu mkononi. Gesi iliisha Jumamosi usiku. Yeye alikuwa nyumbani, kwa sababu hakuna zamu ya mwisho wa wiki kwa mtu mmoja anayefanya kazi siku tano. Jumatatu asubuhi alikuta jokofu vuguvugu, akapanda bodaboda kwenda mji mdogo kuazima mtungi kwa mwenye duka, kwa pesa yake, na saa 6 mchana moto ulikuwa umewaka tena. Kisha akajaza nafasi za Jumamosi na Jumapili, kwa sababu ziara iliyopita msimamizi alimgombeza kwa kuacha nafasi tupu. Kosa la kuandika joto ambalo hukulisoma ni kosa, na nimelisema kwake hivyo. Lakini sisi ndio tuliomfundisha kwamba nafasi tupu ni aibu kuliko nafasi ya uongo. Tumekubaliana kuanzia sasa: siku ambayo hakuna aliyesoma, panachorwa mstari, na Jumatatu anasoma kifaa kwanza na kunakili alama zake kwa wekundu, na kumpigia mratibu wa chanjo siku hiyo hiyo akikuta msalaba.

Chanjo tulizikagua chupa kwa chupa. Alama zote zilikuwa bado upande wa kutumika, ingawa kwenye baadhi mraba ulikuwa umeanza kukolea. Hizo zimewekwa mbele zitumike kwanza. Kwa hiyo watoto wa kijiji kile hawakuchanjwa maji matupu, na nalisema wazi ili asitokee mtu wa kueneza hofu. Ila fikirini: chanjo tumezipima kwa sababu zina alama. Ampuli za oksitosini zingekuwemo humo Jumapili ile tusingekuwa na cha kutazama. Zile kumi na nne za kwenye droo mfamasia amezichukua ziteketezwe kwa utaratibu, na ameacha boksi jipya alilolibeba ndani ya kibebeo chenye barafu.

Hapo pia tuna letu. Boksi jipya lilisafiri baridini kwa sababu tulikuwa na gari la ziara. Kwa kawaida oksitosini hutoka stoo yetu ya wilaya ndani ya katoni pamoja na parasetamoli na glavu, nyuma ya gari la mizigo, siku nzima juani. Chanjo zinatoka ofisini kwetu kila mwezi kwenye sanduku la baridi, kwa gari jingine, kwenda zahanati zile zile. Mfamasia na mratibu wa chanjo wamekubaliana mbele yangu kwamba kuanzia mgao ujao oksitosini itasafiri ndani ya sanduku la chanjo, na fomu ya makabidhiano itakuwa na mstari wake. Hakuna shilingi inayoongezeka. Inahitaji tu saini yako, Mganga Mkuu, ili dereva na mtunza stoo wasigombane.

Basi nieleze ninachowadai.

Mtungi wa kilo 15 kwenye jokofu lile unakaa wiki nne hadi tano, na wakati wa joto kali huisha mapema zaidi. Zahanati ina mtungi mmoja. Ukiisha, lazima ufunguliwe, upelekwe mji mdogo kwa bodaboda, ujazwe, urudishwe, na muda wote huo jokofu halina moto. Tunachohitaji ni mtungi wa pili uliojaa, unaokaa pembeni, ili kubadilisha kuwe kazi ya dakika kumi. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/2018 sehemu ya fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na mtu anaweza kuuliza kwa nini zahanati isijinunulie. Niliuliza hivyo mimi pia. Mganga mfawidhi akanionyesha mpango wa kituo: kujaza gesi kumo, mtungi mpya hamna, kwa sababu mara zote tatu tulipopita tuliandika kwamba mtungi ni wa halmashauri. Walitusikiliza. Walitusubiri.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili, kwa maandishi, kabla ya mwisho wa mwezi huu. Ama Mkurugenzi aidhinishe mtungi kutoka makao makuu, kama tulivyoahidi, ama atoe ruhusa zahanati ibadilishe kifungu ndani ya bajeti yake ya robo hii inunue wenyewe. Kamati ya kituo imeshakaa na muhtasari wao umeambatishwa kwenye ripoti. Kuliko jibu la "linashughulikiwa", afadhali jibu la "hapana", maana wakipata hapana watauza mahindi ya shamba la zahanati, wameniambia hivyo.

Kwa madiwani, ombi ni la bajeti ijayo: jokofu la sola lisilotumia betri, lile ambalo paneli zake zinagandisha barafu ndani ya kuta na barafu hiyo ndiyo inayoshika baridi usiku. Zahanati hii ianze, kwa sababu ndiyo iliyo mbali zaidi na mahali pa kujaza gesi. Na muuguzi mkunga wa pili. Sirefushi maelezo hapo; mkunga mmoja anayezalisha usiku na kupima wajawazito mchana, tangu Januari hajachukua likizo, na nimeliandika ombi hili kwenye kila ripoti ya robo mwaka.

Kwa Mganga Mkuu, mawili. Asidi ya traneksamiki haikuwepo zahanati. Gramu moja kwenye mshipa, ndani ya saa tatu tangu kujifungua, inapunguza vifo vya kutokwa damu, na mama wa Septemba alikaa karibu saa moja na nusu akisubiri gari bila kuipata. Mfamasia anasema stoo ya wilaya ina kiasi. Naomba zahanati zote zinazozalisha zipewe japo dozi mbili mbili. La pili ni mafuta ya gari la usimamizi. Ziara hii imefanyika miezi saba baada ya ile iliyotangulia, wakati ratiba ni kila robo mwaka. Makosa yote niliyoyaeleza humu, ya lebo, ya ufunguo, ya karatasi ya joto, yangeonekana mapema zaidi na mtu yeyote ambaye angekaa pale asubuhi moja na kuuliza.

Nimewaahidi watumishi wa zahanati kwamba nitarudi Jumanne ya pili ya Februari, kwa pikipiki yangu ikibidi. Nitaanza kwa kubonyeza kifaa cha jokofu na kulinganisha siku 30 zake na karatasi ya mlangoni. Nitahesabu kwenye kitabu namba 12 akina mama waliohitaji ampuli ya pili, na safari hii damu itakuwa na mililita. Kisha nitafungua ukurasa wa makubaliano kwenye kitabu cha usimamizi. Mistari ya mkunga, ya mhudumu, ya mfamasia na ya mratibu wa chanjo ina tarehe na saini tayari. Mstari wa mtungi nimeuandika kwa mara ya nne, na mbele yake nimeacha nafasi ya saini ya Mkurugenzi.

Wenu katika kazi,
Muuguzi wa Wilaya